Namba za makundi mawili: kuzidisha, si kujumlisha

Tarehe 1 Desemba 2020, katika bahati nasibu ya PowerBall ya Afrika Kusini, zilitoka namba 5, 6, 7, 8 na 9. Ya sita, ambayo huchezeshwa peke yake, ikawa 10. Watu wengi waliamini droo imechezewa, na Tume ya Taifa ya Bahati Nasibu ya nchi hiyo ikatangaza uchunguzi. Tukiifuata hesabu hatua kwa hatua tutaona kuwa namba hizo hazikuwa na ajabu. Ajabu ilikuwa kwa waliozichagua.

Mchezo ule ulikuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa na namba 1 hadi 50, nawe ulichagua tano. Kundi la pili lilikuwa na namba 1 hadi 20, ulichagua moja tu. Ili upate zawadi kuu ilikuwa lazima upatie yote mawili.

Tuanze na kundi la kwanza. Namba ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya 50, ya pili yoyote kati ya 49 zilizobaki, na hivyo hivyo mpaka ya tano:

50 × 49 × 48 × 47 × 46 = 254,251,200

Hapo tumehesabu mpangilio pia, wakati mchezo haujali namba ipi ilitangulia. Namba tano zilezile zinaweza kutoka kwa mipangilio 5 × 4 × 3 × 2 × 1, yaani 120. Gawanya 254,251,200 kwa 120, upate 2,118,760. Hiyo ndiyo idadi ya seti tofauti za namba tano.

Sasa kundi la pili. Kila seti kati ya hizo inaweza kufuatana na namba yoyote kati ya 20, kwa hiyo tunazidisha: 2,118,760 × 20 = 42,375,200. Tiketi moja ina nafasi moja tu kati ya hizo. Anayejumlisha 20 badala ya kuzidisha atapata 2,118,780, na atajiona yuko karibu na utajiri mara ishirini kuliko alivyo kweli.

Ukubwa wa ile 42,375,200, mkulima ataupima kwa mpunga. Punje milioni 42 zina uzito wa tani moja hivi. Weka alama kwenye punje moja, uichanganye na tani hiyo, kisha mtu aliyefungwa kitambaa machoni achukue punje moja. Akichukua ile yenye alama, umeshinda.

Kuzidisha huku kuna sharti lake: makundi yawe mawili kweli. Jipime kwa swali moja: je, namba 7 inaweza kutoka mara mbili katika droo moja, mara moja kwenye tano za kwanza na tena kama namba ya ziada? Ikiwezekana, makundi yametengana, nawe zidisha. Isipowezekana, namba ya ziada inachukuliwa kutoka kwenye mipira iliyobaki ya kundi lilelile, na hesabu yake ni nyingine. Vilevile angalia kundi la pili linatoa namba ngapi. EuroMillions ya Ulaya nayo huchezesha tano kati ya 50, lakini kundi lake la pili linatoa mbili kati ya 12. Jozi hizo ni 12 × 11 ÷ 2, yaani 66. Zidisha 2,118,760 kwa 66, nafasi inakuwa moja kati ya 139,838,160.

Turudi kwenye ile droo. Seti ya 5, 6, 7, 8, 9 na 10 ina nafasi moja kati ya 42,375,200, sawasawa na seti nyingine yoyote iliyochanganyika ovyo. Mashine haijui kuwa namba zinafuatana. Tofauti ilikuwa kwa wachezaji. Tiketi 20 zilipatia zote sita, na nyingine 79 zilipatia tano za kwanza zikakosa ya 10. Jumla ni tiketi 99 zenye mfululizo uleule wa tano hadi tisa. Kama namba ya ziada ingechaguliwa kibahati, moja kati ya 20, tungetarajia kama tiketi tano tu ziwe na 10. Zilikuwa 20, kwa sababu mtu aliyeandika 5 hadi 9 mkono wake huenda wenyewe kwenye 10.

Matokeo yake, zawadi ya takriban randi milioni 114 iligawanywa kwa 20, na kila mmoja akapata kama milioni 5.7. Hakuna namna ya kuchagua namba inayoongeza nafasi ya tiketi kushinda. Uchaguzi wako unabadilisha jambo moja tu, nalo ni idadi ya watu utakaogawana nao siku namba hizo zikitoka. Mfululizo na tarehe za kuzaliwa ndizo namba wanazozikimbilia wengi.