Ngumi, Ukuta na Mfupa wa Kidole cha Mwisho

Tumchukue kijana wa miaka 22, fundi wa gereji, aliyegombana na mwenzake jioni, na hasira zake akazimalizia kwenye ukuta wa tofali. Mkono ulivimba upande wa kidole cha mwisho usiku uleule. Asubuhi alipokunja ngumi aliona kifundo cha kidole hicho hakipo: pale palipokuwa na nundu pamebonyea, na nyuma yake, juu ya kiganja, pameinuka kivimbe kigumu chenye maumivu. Vidole vyote vilicheza, kwa hiyo alijiambia kwamba hajavunjika.

Alikuwa amevunjika. Kila kidole kimesimama juu ya mfupa mrefu uliofichika ndani ya kitanga cha mkono, na kifundo tunachokiona tukikunja ngumi ndicho kichwa cha mfupa huo. Chini kidogo ya kichwa pana shingo nyembamba. Bondia aliyefundishwa hutua ngumi kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, ambavyo mifupa yake imeshikiliwa imara na imenyooka na mkono. Asiyefundishwa huirusha ngumi kwa kuizungusha, na mwisho wa mzunguko huo uzito wote hukiangukia kifundo cha mwisho. Shingo ya mfupa hukatika, kichwa huinamia upande wa kiganja, na misuli midogo ya ndani ya mkono hukivuta kibaki kimeinama. Ndiyo maana kifundo huonekana kimezama. Kidole chenyewe kinaweza kucheza kwa sababu viungo vyake havijaguswa, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Mama wa kijana alikwishaweka maji jikoni ili amkande. Kukanda kwa maji moto ni huruma ya kweli ya wazazi wetu, lakini kwa jeraha la siku ya kwanza joto huongeza uvimbe, na kusugua huweza kuusogeza mfupa uliokatika. Kinachosaidia ni baridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa mara moja, huku mkono ukiwa umeinuliwa juu ya usawa wa moyo. Na kama kuna pete, itolewe mara moja, maana uvimbe ukishaijaza itabidi ikatwe.

Kabla ya kuendelea, jambo moja halisubiri. Kama ngumi ilitua kwenye mdomo wa mtu na kuna mchubuko wowote karibu na kifundo, hata uwe mdogo kama ukucha, chukulia kwamba ni jino. Jino hupenya ngozi wakati vidole vimekunjwa. Vikinyooshwa, ngozi na kano huteleza na kuvifungia vijidudu vya mdomoni ndani ya kiungo. Kidonda hiki hakishonwi siku hiyo. Huoshwa kwa kina hospitalini, mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria, na kinga yake ya pepopunda hukaguliwa. Wenye jeraha la namna hii huona aibu kusema walimpiga mtu, kisha hurudi siku ya pili au ya tatu mkono ukiwa mwekundu, umejaa usaha. Mwambie daktari ukweli. Anachokitafuta ni kuokoa kiungo chako.

Kijana wetu alipiga ukuta, na ngozi yake ilikuwa nzima. Alipigwa picha za eksirei kutoka pande tatu, zikaonyesha shingo imekatika na kichwa kimeinama nyuzi 30 hivi. Kwa mfupa wa kidole cha shahada kiasi hicho kingekuwa kikubwa mno. Kwa kidole cha mwisho kinavumilika, maana mfupa wake unacheza kwenye shina lake karibu na kifundo cha mkono, na mchezo huo hufidia upinde. Madaktari wengi hukubali hadi nyuzi 40 bila kuunyoosha, na wapo wanaokubali zaidi.

Daktari mwenye haraka angeishia hapo. Huyu aliweka picha kando akamwambia, "Sasa kunja vidole taratibu, mwanangu, vyote kwa pamoja." Kidole cha mwisho hakikukaa kando ya jirani yake. Kilikwenda kujificha chini yake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Mfupa ulioinama husamehewa, uliojisokota hausamehewi. Msokoto mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, na vidole vikinyooka nao hauonekani kwa urahisi. Hujitokeza vikikunjwa. Mkono mzima ukikunjwa, ncha za vidole vinne huelekea sehemu moja, chini ya shina la kidole gumba, na kucha hupangana kwa ulalo ulio karibu sawa. Msokoto wa nyuzi 5 tu kwenye mfupa unaweza kuifanya ncha ya kidole ipande juu ya jirani kwa sentimita moja na nusu hivi. Mtu akipona hivyo, kila akishika spana, jembe au usukani vidole vitagongana. Kama maumivu yanazuia kukunja, nusu ya mkunjo inatosha kuonyesha, au daktari akipinde kifundo cha mkono kwa nyuma, vidole hujikunja vyenyewe. Na siku zote alinganishe na mkono mzima, kwa sababu wapo waliozaliwa na vidole vilivyopinda kidogo.

Kijana alichomwa sindano ya ganzi. Daktari akakikunja kidole hadi pembe mraba kwenye kifundo na kwenye kiungo cha kati, akakitumia kama mpini: akasukuma kichwa cha mfupa kirudi juu, akakandamiza kivimbe cha nyuma, akauzungusha mfupa urudi kwenye mstari. Kisha akarudia kipimo kilekile, na safari hii vidole vilipangana. Kama visingekubali kukaa, angehitaji upasuaji wa kupachika vijiti vyembamba vya chuma.

Kisha banzi la plasta ya jasi lilipita upande wa nje wa mkono, likikishika kidole cha mwisho na jirani yake. Mkao wake una sababu: kifundo cha mkono kimepinda nyuma kidogo, vifundo vya vidole vimekunjwa nyuzi 70 hadi 90, viungo vya mbele vimenyooka. Kano za pembeni za kifundo hukazwa kikikunjwa na hulegea kikinyooshwa. Vidole vikifungwa vikiwa vimenyooka wima, kano hufupika katika ulegevu huo, na mgonjwa hufunguliwa akiwa hawezi tena kukunja ngumi. Mvunjiko ambao haukujisokota wala haukuhitaji kunyooshwa mara nyingi hautaki hata banzi. Hutosha kukifunga kidole na jirani yake kwa utepe na kuanza kuvichezesha mapema.

Baada ya wiki moja uvimbe ulipopungua, alirudi kukunjishwa vidole tena, kwa kuwa mfupa huweza kuteleza ndani ya banzi, na ukishapita wiki mbili hivi huanza kushikana mahali ulipo. Wiki ya nne banzi lilitolewa, utepe ukachukua nafasi yake, na mazoezi ya kukunja na kukunjua yakaanza. Wiki ya sita alirudi kushika spana nzito. Michezo ya kugongana hungoja zaidi, na uvimbe kidogo na ugumu wa asubuhi huweza kudumu miezi kadhaa. Kifundo chake kimebaki kimezama kidogo. Huo ni upungufu wa sura, si wa nguvu.

Ukifungwa banzi kisha vidole vikafa ganzi, vikabadilika rangi au maumivu yakazidi, rudi siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na kabla hujaondoka mbele ya daktari mara ya kwanza, mwombe akutazame ukikunja vidole. Kipimo hicho huchukua chini ya dakika moja na hakina gharama.