Karatasi za Kazi Zinapohamia Kwenye Simu

Fundi aliyejaza karatasi za kazi kwa miaka 25 haogopi simu. Anaogopa kuonekana mjinga mbele ya vijana aliowafundisha kushika spana. Barua ya meneja inayotangaza programu mpya ianzie hapo, na iseme mambo yanayoshikika: simu ni ya karakana, bando halitoki mfukoni mwake, na kwa wiki 4 karatasi itajazwa sambamba na simu.

Kisha imwonyeshe kazi moja. Lori limeletwa kubadilishwa breki. Mzee anafungua kazi hiyo, anabonyeza "Anza", anapiga picha pedi zilizokwisha, na akimaliza anabonyeza "Maliza". Ni yale yale ya kwenye karatasi, ila sasa haandiki kwa mikono yenye grisi. Mtandao ukikatika, programu nyingi huhifadhi taarifa na kuzituma ukirudi. Atazame alama ya kusubiri kabla ya kuzima simu. Akibonyeza kimakosa, msimamizi anairudisha kazi.

Liko jambo ambalo mameneja hulikwepa: programu hurekodi saa. Mzee atajiuliza kama anapimwa kasi. Barua ijibu waziwazi muda huo utatumiwaje, na nani atauona.