Mchele ukipanda bei: muhogo hauwezi kushika nafasi yake peke yake

Mchele na unga wa ngano unaotumika Unguja kwa sehemu kubwa huletwa kwa meli kutoka nje ya Visiwa. Hivyo, ikitokea misukosuko duniani, kama vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza mwaka 2022, athari zake hufika hadi kwenye kapu la mnunuzi wa Darajani na Mwanakwerekwe. Kimbilio la kaya nyingi katika hali hiyo ni muhogo, unaolimwa hapa hapa kisiwani.

Mabadiliko hayo yanafaa, ila yana kasoro moja isiyoonekana sahanini. Kilo moja ya mchele mkavu ina takriban gramu 70 za protini, kirutubisho kinachojenga mwili, ilhali kilo moja ya muhogo mbichi uliomenywa ina gramu 14 tu. Anayekula muhogo badala ya wali hushiba, lakini mwili hupungukiwa.

Kwa mfano, kaya inayopika kilo moja ya mchele kwa siku inahitaji takriban kilo mbili za muhogo uliomenywa ili kupata nguvu inayokaribiana na hiyo. Kwa kuwa maganda huondoa sehemu ya uzito, inafaa kununua kilo mbili na nusu. Muhogo huo utatoa gramu 28 za protini, hivyo zitapungua gramu 42. Pengo hilo huzibwa na robo kilo ya choroko au kunde kavu, yenye takriban gramu 60.

Kwa hiyo, mnunuzi asilinganishe bei ya kilo ya mchele na ya kilo ya muhogo. Ajumlishe bei ya kilo mbili na nusu za muhogo na robo kilo ya choroko, kisha alinganishe jumla hiyo na bei ya kilo moja ya mchele. Iwapo jumla si ndogo, hakuna sababu ya kubadilisha.

Hesabu hiyo hiyo hutumika kwa samaki. Gramu 100 za dagaa wakavu hutoa protini inayolingana na ya takriban gramu 300 za mnofu wa samaki mbichi, na wakiliwa wazima huongeza madini ya chokaa yanayoimarisha mifupa. Dagaa wenye chumvi nyingi warowekwe na kuoshwa kabla ya kupikwa.

Tahadhari mbili zizingatiwe. Muhogo mchungu una sumu, hivyo usichemshwe na kuliwa kama muhogo mtamu; kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa hadi kiive kabisa. Aidha, tumbo la mtoto mdogo hujaa muhogo haraka kabla hajapata virutubisho vya kutosha. Mtoto huyo apewe kwanza choroko zilizopondwa au dagaa waliosagwa, ndipo muhogo ufuate.