Mti unaojipanga upya kila unapoulizwa

Chukua namba 1,000,000 za simu, uzipange ndani ya kompyuta kwa mtindo uitwao mti wa utafutaji. Kila namba inakaa kwenye nodi yake. Namba ndogo kuliko hiyo ziko upande wa kushoto chini yake, kubwa ziko kulia. Mzizi huchorwa juu kabisa, na kila utafutaji huanzia hapo na kushuka. Mti ukiwa umesawazishwa vizuri, hakuna namba inayohitaji kupita zaidi ya nodi 20 hivi.

Hesabu hiyo inapendeza, lakini haijali tabia ya wanaouliza. Ndani ya saa moja huenda namba 15 zilezile zikaulizwa tena na tena huku nyingine zote zikiwa zimelala. Mti uliosawazishwa hauoni tofauti. Namba iliyokaa chini kabisa italipiwa nodi 20 leo, kesho na keshokutwa, hata ikiulizwa mara elfu.

Mwaka 1985 Daniel Sleator na Robert Tarjan walichapisha mti wa aina nyingine, unaojulikana kama splei. Hauhifadhi kumbukumbu yoyote ya usawa. Una kanuni moja tu: namba iliyotafutwa hupandishwa hadi kwenye mzizi. Ikiulizwa tena muda si mrefu, itakutwa pale pale juu au karibu na hapo, kwa sababu utafutaji mmoja wa namba nyingine hauwezi kuishusha zaidi ya ngazi mbili.

Njia ya kupandisha ni kuzungusha: mtoto anachukua nafasi ya mzazi wake, mzazi anashuka kuwa mtoto, na mpangilio wa ndogo kushoto na kubwa kulia unabaki salama. Ungedhani inatosha kuizungusha namba na kila mzazi inayekutana naye mpaka ifike juu. Brian Allen na Ian Munro walishachunguza njia hiyo mwaka 1978, na ina kasoro kubwa. Kasoro hiyo ndiyo inayoonyesha ubora wa splei ulipo, kwa hiyo tuifuate kwa mti mdogo wa namba 7.

Mti wetu umeanguka upande mmoja: 7 ni mzizi, 6 iko kushoto chini yake, kisha 5, hivyo hivyo hadi 1 chini kabisa. Tunatafuta 1 na kupita nodi zote 7. Tukiipandisha kwa kuzungusha moja moja, 1 inakuwa mzizi, lakini chini yake inaning’inia 7, kisha 6, 5, 4, 3 na 2, mnyororo uleule. Anayetafuta 2 baada ya hapo anapita tena nodi 7. Anayefuata na 3 anapita 6. Tukiziuliza zote kwa zamu kuanzia 1 hadi 7, tutakuwa tumepita nodi 34, na mwishoni mti umerudi ulivyokuwa, tayari kututoza upya. Kwa namba 1,000 zilizopangwa hivyo, mzunguko mmoja unagharimu nodi 501,499.

Splei hupanda kwa hatua mbili mbili. Nodi na mzazi wake wakiwa wameelekea upande mmoja, anayezungushwa kwanza ni mzazi dhidi ya babu, ndipo nodi izungushwe dhidi ya mzazi. Wakiwa wameelekea pande tofauti, nodi yenyewe huzungushwa mara mbili. Ikiwa mzazi ndiye mzizi, mzunguko mmoja unatosha. Tofauti na njia ya kwanza iko kwenye kile kitendo cha kuanza na mzazi, na matokeo yake ni makubwa. Tukitafuta 1 katika mnyororo wetu, bado tunapita nodi 7, lakini mti unatoka na sura nyingine: 1 juu, 6 chini yake, kisha 4 na 7 ubavuni mwa 6, halafu 2 na 5 chini ya 4, na 3 mwisho kabisa. Namba zilizokuwa njiani zimepanda pamoja na 1. Kutafuta 2 sasa ni nodi 4, na zinazofuata ni 3, 2, 3, 2 na 2. Jumla ni 23 badala ya 34. Kwa namba 1,000 hesabu hii inabaki elfu chache tu, kwani Tarjan alithibitisha kwamba kuziuliza zote kwa mfuatano hugharimu kazi inayokua sambamba na idadi yake.

Cha ajabu ni kwamba splei nayo, baada ya kuulizwa 7, imerudi kuwa mnyororo uleule tulioanza nao. Hatari ya kulipa nodi 7 ipo tena. Kwa nini basi tunasema ni nafuu?

Jibu liko katika kutazama gharama ya mfululizo mzima, na hapa kibubu cha akiba kinasaidia. Kila utafutaji unachangia kiasi maalumu. Ukiwa mwepesi, kinachobaki kinaingia kibubuni. Ukiwa mzito, unalipiwa na kilichomo. Sleator na Tarjan walipata njia ya kujua kiasi kilichomo kwa kuutazama mti wenyewe. Kwa kila nodi, hesabu nodi zote zilizo chini yake pamoja nayo, uliza idadi hiyo inagawanyika kwa mbili mara ngapi hadi ifike moja, kisha jumlisha majibu yote. Mnyororo wetu una akiba ya takriban 12.3. Baada ya 1 kupandishwa kwa splei, imebaki 8.4, maana utafutaji ule mzito umejilipia sehemu kutoka kibubuni. Zile tafutaji sita nyepesi zilizofuata ndizo zilizokijaza tena hadi 12.3. Njia ya kuzungusha moja moja inaanza na 12.3 na kubaki na 12.3. Imefanya kazi kubwa bila kuurekebisha mti hata kidogo, ndiyo maana inatoza tena.

Kwa hesabu hiyo walithibitisha kwamba kwa namba 1,000,000, mchango wa takriban 61 kwa kila utafutaji hautapungukiwa kamwe katika mfululizo mrefu. Huo si wastani wa bahati, maana unashika hata kama maswali yamechaguliwa kwa nia mbaya. Na kwa namba zinazorudiwa dhamana ni nzuri zaidi: gharama inategemea ni namba ngapi tofauti zimeulizwa tangu hii iulizwe mara ya mwisho. Kama ni 15, kipimo kinachohesabiwa ni 4 badala ya 20, hata mti ukiwa na mamilioni.

Dhamana hii huvunjwa kirahisi na mwandishi wa programu asiye makini. Namba isiyokuwepo ikitafutwa, nodi ya mwisho iliyofikiwa lazima ipandishwe vilevile. Ukiruka hatua hiyo kwenye mti ulioanguka upande mmoja, swali la namba isiyokuwepo linaweza kupita mnyororo mzima kila mara, na mti haubadiliki. Dalili yake ni programu inayobaki nzito kwa maswali yaleyale yasiyo na jibu.

Kuna pia mahali ambapo splei haifai kabisa. Utafutaji mmoja mmoja unaweza kupita nodi zote, kwa hiyo usiiweke splei kwenye mtambo ambao kila jibu lina muda wa mwisho. Kusoma kunaubadilisha mti, hivyo wasomaji wengi wa wakati mmoja hulazimika kusubiriana. Na maswali yakitawanyika sawasawa kwa namba zote, kuzungusha kunakuwa kazi ya ziada isiyo na faida, na mti uliosawazishwa unashinda. Splei inapofaa ni pale maswali yanaporundikana. Mkusanyiko wa programu wa GCC, unaogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, una splei yake katika faili `splay-tree.c`.

Sleator na Tarjan waliacha dai moja bila uthibitisho. Walikisia kwamba splei, isiyojua swali lijalo, haizidiwi zaidi ya mara kadhaa zisizobadilika na mti wowote wa utafutaji unaozungushwa, hata ule uliopewa orodha yote ya maswali mapema. Tangu mwaka 1985 hakuna aliyelithibitisha wala kulikanusha.