Dirisha likigoma, usisukume kioo

Mvua za Dodoma huanza Desemba na kwisha Aprili, na mwaka mzima kwa kawaida hazifiki milimita 600. Hata hivyo zinatosha kuvimbisha dirisha la mbao lililokauka tangu Mei. Kabla ya kuligusa, jiulize liligoma lini. Kama lilikuwa likifunguka vizuri Septemba na likakwama Januari, tatizo ni maji. Kama halijafunguka tangu fundi rangi aondoke, kiangazi na masika, rangi ndiyo iliyoligandisha.

Tuseme ni dirisha la chumba cha kulala pale Majengo, la mlango mmoja unaofungukia nje, lenye kioo cha milimita 3. Rangi imefunika mwanya wote kati ya mlango na fremu. Lowesha rangi kwanza, kwani ya zamani huenda ina risasi na vumbi lake ni sumu, na watoto wakae mbali. Chukua kisu chembamba chenye makali, ukate mwanya pande zote nne, ndani na nje. Watu wengi husahau upande wa nje, pamoja na rangi iliyoziba bawaba na komeo. Kisha weka kipande cha ubao juu ya mbao ya mlango, upande wa komeo, na ukigonge taratibu kwa nyundo, kuanzia karibu na kona ya chini hadi karibu na kona ya juu, ukirudi mara kadhaa.

Kioo huvunjika kwa sababu pati ya zamani imekauka kama jiwe, kwa hiyo hakina nafasi ya kucheza. Ukichomeka bisibisi kwenye kona moja na kubinya, mlango unajipinda, na ufa unaanzia hapo hapo konani. Ndiyo maana nguvu igawanywe juu na chini, na kiganja kikae kwenye mbao tu. Usitumie moto kulainisha rangi karibu na kioo: joto la upande mmoja hukipasua.

Kwa dirisha lililovimba, sina huruma na randa ya Februari. Mbao huvimba kwa upana, karibu haivimbi kwa urefu, na mbao mbili za pembeni zenye sentimita 8 kila moja zinaweza kuongezeka pamoja milimita 2 hivi. Ukiziranda sasa, Agosti zitasinyaa na kuacha mwanya wa kupitishia vumbi lote la Dodoma. Weka alama ya penseli mahali mbao inapokwaruza, paka sabuni ya mche ukingoni, subiri kiangazi. Mbao ikikauka, jaribu kupitisha kadi ya simu kwenye alama. Isipopita, hapo randa kidogo kidogo. Halafu paka rangi kingo zote zilizorandwa, na ukingo wa chini usiuache: mafundi wengi hawaufikii, na maji huingilia huko.