Chupa Inayopima Nafasi Tupu

Jaza debe mahindi mpaka juu, kisha mimina maji. Yataingia mengi kabla ya kufurika, kwa sababu kati ya punje na punje pana nafasi. Udongo wa shamba uko vivyo hivyo, ila chembe zake ni ndogo mno na maji hayawezi kumiminwa tu na kuhesabiwa, maana hewa hunasa ndani. Kwa hiyo nafasi hiyo hupigiwa hesabu.

Chombo chenyewe ni piknomita, chupa ndogo ya kioo ambayo kizibo chake kina tundu jembamba kama sindano. Ikijazwa maji na kuzibwa, maji ya ziada hutokea kwenye tundu, na ndani hubaki ujazo uleule kila mara.

Tuchukue mfano. Gramu 10.00 za udongo uliokaushwa kwa nyuzi 105 zinatiwa chupani. Chupa ikiwa na maji matupu ya nyuzi 20 ina gramu 78.31, ikiwa na udongo na maji, gramu 84.61. Kama udongo usingesukuma maji yoyote nje, mizani ingesoma 88.31. Zimepotea gramu 3.70 za maji, yaani sentimita za ujazo 3.71. Ukigawa 10 kwa 3.71 unapata 2.70: hiyo ndiyo densiti ya chembe zenyewe, bila nafasi.

Adui hapa ni kipovu. Hewa iliyojificha kati ya chembe huhesabika kama udongo, na densiti inashuka. Sentimita ya ujazo 0.2 tu ya hewa ingeshusha jibu hadi 2.56. Ndiyo maana mchanganyiko huchemshwa taratibu, hupozwa, ndipo chupa hujazwa hadi juu. Vipovu vikiendelea kupanda chupa ikitikiswa, kazi haijaisha. Hata kuishika chupa kwa kiganja ni kosa: joto la mkono hulitanua maji, tone likachomoza kwenye tundu.

Upande wa pili ni rahisi zaidi. Bomba fupi la chuma la sentimita za ujazo 100 hupigiliwa ardhini, udongo wake hukaushwa na kupimwa. Ukiwa gramu 124, densiti ya udongo mzima, pamoja na matundu yake, ni 1.24.

Porositi = 1 − 1.24 ÷ 2.70 = 0.54

Asilimia 54! Zaidi ya nusu ya udongo ule si udongo. Kwenye njia ya trekta kando yake, bomba lilelile likitoa gramu 157, jibu ni asilimia 42.

Wengi huruka piknomita na kuweka 2.65, densiti ya kwatzi. Kwa udongo wa kawaida wenye madini hilo halina madhara makubwa. Kwa mfano wetu lingetoa asilimia 53. Lakini udongo wenye mboji nyingi ni mwepesi kuliko hapo, na wenye oksidi nyingi za chuma ni mzito.

Na hesabu hii haisemi matundu hayo ni makubwa au madogo. Mfinyanzi huwa na nafasi nyingi kuliko mchanga, na bado maji huupita kwa shida.