Printa ya Ofisini Isiyofikika kwa VPN

Printa ya ofisini yenye anwani 192.168.1.50 inaweza kuwa imewashwa na ina karatasi, na VPN ikaonyesha kwamba imeunganishwa, lakini mfanyakazi aliye nyumbani akituma waraka, unakwama kwenye foleni. Barua pepe zinafunguka kama kawaida, kwa hiyo lawama huangukia printa au VPN yenyewe. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Tatizo ni kwamba nyumba na ofisi zinatumia fungu moja la anwani.

Anwani zinazoanza na 192.168 si mali ya mtu. Mwaka 1996, waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 1918 uliorodhesha mafungu matatu ambayo mtandao wowote wa ndani unaweza kuyatumia bila kuomba ruhusa: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Nafasi ni kubwa, ila ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.0.0/24 au 192.168.1.0/24. Ofisi ndogo iliyoanza na ruta ya aina hiyo hubaki na fungu hilo kwa miaka. Hakuna kinachoharibika mpaka mitandao hiyo miwili ikutane ndani ya kompyuta moja.

Tuseme kompyuta ya mfanyakazi, inayotumia Windows, imepewa na ruta ya nyumbani anwani 192.168.1.23, na VPN imeipa anwani ya pili, 10.8.0.6. Kabla ya kutuma chochote, kompyuta hutazama jedwali lake la njia na kuchagua njia inayotaja anwani husika kwa ukaribu zaidi. Jedwali linasema kwamba 192.168.1.0/24 iko hapo hapo, upande wa waifai. Ndiyo maana hata VPN iliyowekwa ibebe mawasiliano yote haisaidii: njia yake ni ya jumla, na ya waifai ni mahususi. Kompyuta inaita ndani ya nyumba, "Nani ana 192.168.1.50?", na printa iliyo ofisini haiwezi kuusikia mwito huo.

Amri ya `ping` huonyesha jambo hili waziwazi:

```
ping 192.168.1.50
Reply from 192.168.1.23: Destination host unreachable.
```

Jibu limetoka 192.168.1.23, yaani kompyuta yenyewe. Ombi halikuingia kwenye VPN hata kidogo. Hali ya kupotosha zaidi ni pale ambapo 192.168.1.50 ya nyumbani imepewa simu au televisheni: hapo `ping` inajibiwa vizuri, na mtu anaamini printa imepatikana.

Kipimo cha uhakika ni kuiondoa kompyuta kwenye waifai ya nyumbani, kuiunganisha na intaneti ya simu, kisha kuwasha VPN upya. Mara nyingi simu hugawa anwani za fungu jingine. Printa ikifikika hapo, mgongano umethibitika.

Kwa mtu mmoja, dawa nzuri ni kubadili fungu la nyumbani. Katika ukurasa wa mipangilio ya ruta, anwani 192.168.1.1 inageuzwa kuwa, kwa mfano, 192.168.87.1, kisha vifaa vinaunganishwa upya ili vipate anwani mpya. Asiyeweza kuigusa ruta, labda kwa kuwa ni ya mwenye nyumba, anaweza kuongeza njia ya printa peke yake, kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta:

```
route add 192.168.1.50 mask 255.255.255.255 10.8.0.1
```

Hapa 10.8.0.1 ni lango la VPN. Njia inayotaja anwani moja tu inaishinda ile ya fungu zima, hivyo waraka unaelekea ofisini. Njia hii hupotea kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena, na kifaa cha nyumbani chenye anwani hiyo hiyo hakitafikika kutoka kompyuta hiyo.

Ofisi yenye wafanyakazi wengi wa mbali haifai kuachia kila mtu mzigo huu. Inapaswa kuhamia fungu lisilo la kawaida majumbani, kama 10.73.20.0/24. Kazi hiyo ina usumbufu, kwa sababu printa na seva zilizoandikiwa anwani kwa mkono zitabadilishwa moja moja. Kuhama kukishindikana, ruta ya ofisi inaweza kutafsiri anwani: wa mbali anatuma kwa 10.73.20.50, nayo inaigeuza kuwa 192.168.1.50.

Printa ikikataa hata kwa intaneti ya simu yenye fungu tofauti, chanzo kitafutwe kwingine. Pa kuanzia ni mipangilio ya printa yenyewe. Aliyeiandikia anwani kwa mkono huenda aliacha wazi nafasi ya lango. Printa ya namna hiyo huhudumia kompyuta za ofisini bila shida, lakini ombi likitoka 10.8.0.6 haina njia ya kurudisha jibu.